Milioni 2.4 ambazo hakuna aliyeziiba: FIFO na gharama ya wastani bei inapopanda

Juma lililopita dada mmoja mfanyabiashara wa Makambako aliniandikia ujumbe ambao niliusoma mara tatu. Karani wake wa zamani alikuwa akifunga hesabu za duka kwa njia ya FIFO, yaani kinachoingia kwanza ndicho kinachohesabiwa kuwa kimetoka kwanza. Mhasibu mpya amezifunga upya kwa gharama ya wastani, na faida ya mwaka uleule imepungua kwa zaidi ya nusu. Anauliza ni nani kati ya wawili hao aliyemwibia. Nimeamua kumjibu hapa kwa kirefu, kwa sababu swali hilohilo niliulizwa mimi na kaka yangu wa kuzaliwa, akiwa amesimama mlangoni mwa stoo yangu ya mchele pale Mwanjelwa, Mbeya, na miezi mingi ilipita kabla hatujala tena chakula sahani moja.

Kaka yangu anaishi Iringa. Tulichanga Sh milioni 15 kila mmoja, mtaji ukawa Sh milioni 30, tukakubaliana kwamba mimi nifanye kazi ya kununua na kuuza mchele wa Usangu, na mwisho wa mwaka tugawane faida nusu kwa nusu. Mwezi Juni, mavuno yakiwa mapya, nilinunua Ubaruku magunia 100 ya kilo 100 kwa Sh 180,000 kila moja. Septemba nilinunua mengine 100 kwa Sh 210,000, na Novemba 100 ya mwisho kwa Sh 240,000. Bei hizo zilijumuisha gunia lenyewe, ushuru wa mazao, upakiaji na nauli ya lori hadi Mwanjelwa, kwa maana gharama ya bidhaa ni kila shilingi iliyolipwa mpaka bidhaa ikafika mahali pa kuuzwa. Wanaoandika bei ya shambani peke yake hukosea hesabu kabla hata ya kuchagua njia.

Kati ya ununuzi wa Juni na ule wa Septemba niliuza magunia 90 kwa Sh 205,000. Kisha niliuza 80 kwa Sh 235,000, na baada ya mzigo wa Novemba nikauza 50 kwa Sh 265,000. Mauzo yote yalifika Sh milioni 50.5. Kodi ya stoo, mlinzi na vibarua wa kupakua vilichukua Sh milioni 3. Tarehe 31 Desemba stoo ilikuwa na magunia 80 na fedha taslimu zilikuwa Sh milioni 14.5. Naomba msomaji azishike namba hizi mbili, magunia 80 na Sh milioni 14.5, kwa sababu hazikubadilika hata mara moja katika ugomvi wote uliofuata.

Nilifunga hesabu kwa FIFO. Magunia 220 yaliyouzwa yalichukua gharama ya mzigo wote wa Juni, mzigo wote wa Septemba, na magunia 20 tu ya Novemba. Gharama ya mauzo ikawa Sh milioni 43.8 na faida ghafi Sh milioni 6.7. Nilipotoa matumizi, ilibaki faida halisi ya Sh milioni 3.7. Nilijivuna, nakiri. Nilimtumia kaka Sh milioni 1.85, nami nikachukua kiasi hichohicho, na nyumbani kwetu sifa zangu zilitangazwa hadi kwa mashangazi.

Januari nilirudi Ubaruku nikakuta gunia limefika Sh 255,000. Mkononi zilibaki Sh milioni 10.8, ambazo zilinunua magunia 42. Nilijiuliza inawezekanaje biashara iliyopata faida ishindwe kujaza stoo yake yenyewe, nikampelekea daftari mhasibu mmoja wa mjini anitazamie. Alizifunga upya hesabu kwa gharama ya wastani ya mwaka: Sh milioni 63 za manunuzi yote zigawanywe kwa magunia 300, ambayo ni Sh 210,000 kwa kila gunia. Gharama ya mauzo ikapanda hadi Sh milioni 46.2, faida ghafi ikashuka hadi Sh milioni 4.3, na faida halisi ikawa Sh milioni 1.3. Tofauti ilikuwa Sh milioni 2.4. Kaka aliposikia alipanda basi siku iliyofuata, na maneno aliyoyasema mbele ya vibarua wangu bado yananiuma ninapoyaandika.

Fedha hizo zilikuwa wapi? Zilikuwa ndani ya stoo, juu ya magunia 80 yaliyobaki. FIFO iliyathamini kwa bei ya Novemba, Sh 240,000, jumla Sh milioni 19.2. Wastani uliyathamini kwa Sh 210,000, jumla Sh milioni 16.8. Tofauti ya Sh 30,000 mara magunia 80 ni Sh milioni 2.4 kamili, wala haipungui shilingi moja. Kila shilingi inayopunguzwa katika gharama ya mauzo huongezwa katika thamani ya bidhaa zilizobaki, kwa kuwa jumla ya manunuzi ni ileile. Bei inapopanda, FIFO hupeleka gharama za zamani, zilizo nafuu, kwenye mauzo ya leo, na kuacha gharama mpya zilizo kubwa katika stoo. Kwa hiyo faida hutoka ikiwa kubwa. Wastani huzichanganya zote na kuigawa nafuu ile kati ya kilichouzwa na kilichobaki. Fedha taslimu hazijui ni njia gani imetumika, na ndiyo maana zilibaki Sh milioni 14.5 katika hesabu zote mbili.

Kosa langu, basi, halikuwa kuchagua FIFO. Ni njia halali. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu cha IAS 2 kinakubali FIFO na wastani kwa pamoja, na kinachokataa ni kuhesabu kilichoingia mwisho kuwa kimetoka kwanza. Kosa langu lilikuwa kugawana faida ambayo sehemu yake ilikuwa bado imekaa katika magunia. Kama tungegawana Sh milioni 1.3, mkononi zingebaki Sh milioni 13.2 na ningenunua magunia 51. Hata hayo yasingetosha, kwa maana wastani nao hautunzi mtaji dhidi ya bei inayopanda, ila hauipambi faida sana. Ndugu zangu wenye ubia, msigawane kwa kutazama mstari wa faida peke yake. Kwanza tazameni bei ya kurudishia kile mlichouza, ndipo mfungue mkoba.

Liko jambo jingine ambalo mhasibu yule hakunieleza, na ambalo nadhani ndilo linalomhusu zaidi dada wa Makambako. Wastani si mmoja. Upo wastani wa mwaka mzima, unaokokotolewa mara moja wakati wa kufunga, na upo wastani unaokokotolewa upya kila mzigo unapoingia. Katika hesabu yangu, mzigo wa Septemba ulipofika, stoo ilikuwa na magunia 10 tu ya Juni. Hayo ya Sh milioni 1.8, yakichanganywa na mzigo mpya wa Sh milioni 21, yalitoa magunia 110 kwa wastani wa Sh 207,273. Niliuza 80, yakabaki 30. Mzigo wa Novemba ulipoingia wastani ukapanda hadi Sh 232,448. Kwa njia hiyo gharama ya mauzo ni karibu Sh milioni 44.4, na faida halisi ni karibu Sh milioni 3.1, si 1.3.

Sababu yake inaeleweka kwa mtu anayeijua stoo. Magunia 90 ya bei nafuu yalikwisha kuuzwa kabla mchele wa bei kubwa haujafika, kwa hiyo hayakupata nafasi ya kuchanganyika nao. Wastani wa mwaka mzima, kinyume chake, uliyatoza magunia yaliyouzwa Julai sehemu ya bei ya Novemba, bei ambayo wakati huo haikuwapo. FIFO haina utata huo. Ukiihesabu kila siku au mara moja mwishoni, jibu ni lilelile. Kwa hiyo, dada yangu, kabla hujamshuku mtu, muulize mhasibu wako ni wastani upi aliotumia. Kwa duka ambalo stoo hukaribia kuisha kabla ya kila mzigo mpya, wastani wa kila ununuzi huwa karibu na FIFO, na ukiona pengo kubwa, ama ametumia wastani wa mwaka, ama idadi ya bidhaa zilizobaki imeandikwa vibaya. Hili la pili ndilo hasa la kuogopwa, kwa maana gunia lililopotea huonekana katika hesabu kama gharama ya mauzo, wala hakuna njia itakayolifichua isipokuwa kuingia stoo na kuhesabu.

Kuhusu kodi nitasema machache. Mfanyabiashara binafsi mdogo anayelipa kodi ya mapato kwa kutegemea mauzo ghafi haguswi na uchaguzi huu. Kampuni inayotozwa asilimia 30 ya faida inaguswa: Sh milioni 2.4 za tofauti ni kodi ya Sh 720,000 mwaka huo. Hata hivyo asidhani mtu kwamba amezikwepa, kwa kuwa bidhaa zilizobaki ndizo bidhaa za mwanzo za mwaka unaofuata. Aliyezithamini kwa Sh milioni 16.8 ataanza mwaka na gharama ndogo na kuonyesha faida kubwa zaidi zitakapouzwa. Kinachohama ni wakati. Na asithubutu mtu kuruka kutoka njia moja kwenda nyingine kila mwaka ili kupata namba inayompendeza. Njia ikichaguliwa hushikwa.

Pia kupanda kwa bei kuna mwisho wake. Mavuno mapya ya Usangu yanapoingia, bei huweza kushuka chini ya ile uliyonunulia Novemba. Magunia yaliyokaa vitabuni kwa Sh 240,000, ikiwa yatauzika kwa Sh 225,000 baada ya kutoa gharama za kuyauza, ni lazima yashushwe hadi Sh 225,000, na hasara hiyo iandikwe papo hapo. Aliyetumia wastani wa Sh 210,000 hatakuwa na cha kushusha. Kwa hiyo wenzangu mnaofunga kwa FIFO na kubaki na mzigo mkubwa wa msimu wa bei kali, msiishangilie thamani ya stoo kabla ya kuuliza sokoni.

Kaka na mimi tulipatana siku aliyokubali kuingia stoo na kuyahesabu magunia kwa kidole, moja hadi themanini, kisha nikamwandikia ukutani kwa chaki thamani zake mbili. Alikaa juu ya gunia kwa muda, akasema, "Kwa hiyo pesa niliyokutukania nilikuwa nimeikalia." Sasa tunafunga kwa wastani wa kila ununuzi, idadi ya stoo huhesabiwa tukiwa wote wawili, na hatugawani kitu hadi fedha ya kununulia tena magunia yaliyouzwa, kwa bei ya Ubaruku ya juma hilo, iwe imetengwa. Mwaka jana mgawo ulikuwa Sh 400,000 kwa kila mmoja. Kaka aliupokea bila neno, akaniuliza tu bei ya gunia imefika wapi.