Jumla ya miraba: itafute kwanza, ndipo uithibitishe

Vijana wengi wa PCM hapa Dodoma wanaikariri fomula ya 1² + 2² + … + n², yaani n(n+1)(2n+1)/6, na wanaweza hata kuithibitisha kwa induksheni. Waulize imetoka wapi, kimya. Induksheni haitafuti fomula. Inahakikisha tu ile uliyokwisha kuipata.

Njia ya kuitafutia ni hii. Fungua mabano:

(r+1)³ − r³ = 3r² + 3r + 1

Sasa jumlisha pande zote mbili, r ikianzia 1 hadi n. Kushoto andika mistari mitatu ya mwanzo kwa mkono: (2³−1³) + (3³−2³) + (4³−3³)… Utaona 2³ inafutana na −2³, 3³ na −3³, hadi zinabaki ncha mbili tu: (n+1)³ − 1. Kulia, sigma inagawanyika kwenye kila kipande. Ukiita jumla ya miraba S:

(n+1)³ − 1 = 3S + 3n(n+1)/2 + n

Hiyo n ya mwisho ndiyo inayoangusha watu. Σ1 ni moja iliyojumlishwa mara n, lakini wengi wanaandika 1. Ubaya wake ni kwamba kosa hili halionekani ukijaribu n = 1, maana hapo n na 1 ni kitu kimoja. Jaribu n = 2: 27 − 1 − 9 − 1 = 16, kwa hiyo S = 16/3. Miraba ya namba kamili itoe sehemu? Jibu sahihi ni 1 + 4 = 5. Kwa hiyo jaribu n = 2 kila mara.

Kutoka hapo hamisha, kisha toa (n+1) nje kama kigawo cha shirika: 3S = (n+1)(n² + n/2). Gawanya kwa 3, fomula hiyo hapo.

Kwenye induksheni, n = 1 inatoa 1·2·3/6 = 1, sawa. Chukulia ni kweli kwa n = k, kisha ongeza (k+1)², siyo k². Kabla ya kugusa chochote, andika pembeni unakokwenda: (k+1)(k+2)(2k+3)/6. Ni 2k+3 kwa sababu 2(k+1)+1; anayeandika 2k+2 atahangaika bure. Usifungue mabano yote, utaishia na 2k³ + 9k² + 13k + 6 na kazi ya kuirudisha kwenye vigawo. Toa (k+1)/6 nje mapema:

(k+1)/6 · [k(2k+1) + 6(k+1)] = (k+1)/6 · (2k² + 7k + 6)

Na 2k² + 7k + 6 ni (k+2)(2k+3).

Swali likianzia r = 11 hadi 20, unatoa jumla ya hadi 10, siyo ya hadi 11, la sivyo 11² inapotea: 2870 − 385 = 2485.

Kwa r³ njia ni ileile, ila unaanza na (r+1)⁴ − r⁴.