Mwaka jana dona, mwaka huu sembe

*Swali la wiki: "Ukimaliza kutoa mada mbele ya watu, unajiandaaje kwa kipindi cha maswali, hasa kwa yule aliyekuja kukushambulia na kwa maswali usiyo na majibu yake?"*

Mimi ni bwana shamba mkoani Dodoma. Mada ninayoitoa mara nyingi kwenye mikutano ya vijiji ni sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu kwenye mahindi na karanga. Kuieleza ni dakika 20 tu. Maswali hula saa nzima, na humo ndimo watu wanapoamua kama watatafuta turubai la kuanikia au wataendelea kuanika chini. Kwa hiyo maandalizi yangu makubwa ni ya hiyo saa.

Kabla ya mkutano napita kijijini. Siishii kwa mtendaji, maana pale nitaambiwa mambo yote shwari. Nakaa mashineni wanaposagisha, naeleza nitakachokuja kusema, kisha nanyamaza na kusikiliza. Kila swali naliandika kwenye daftari kwa maneno yaleyale ya aliyeuliza, hata likiwa na kejeli. Ukishalisafisha nyumbani likawa "athari za kiuchumi kwa kaya", umejiandaa kwa swali ambalo hakuna atakayeliuliza. Watu wanasema: "Nikitupa gunia, wanangu wale nini?"

Liko moja lisilokosekana popote, na huja kwa ukali: "Wale wa lishe walikuja mwaka jana wakatuambia tule dona. Leo wewe unatuambia tukoboe. Kakubalianeni kwanza huko mjini, ndipo mje." Mkutano mzima unapiga makofi. Mtoa mada ambaye hakulitarajia ama atawaponda wa lishe, ama atajifanya hakuna mgongano, na kwa vyovyote vile watu wameshamtoka.

Swali la namna hiyo nalitafutia kwanza ukweli uliomo ndani yake, kwa sababu karibu kila mara upo. Hapa mzee ana haki: tumewaambia mambo mawili. Basi jibu langu linaanzia hapo hapo: "Ni kweli mzee wangu, mmesikia maneno mawili, na yote mawili yana sababu. Sumu hujaa zaidi kwenye ganda na kwenye kiini cha punje, na virutubisho navyo viko humo humo. Mahindi uliyoyakausha vizuri na kuyachambua, kula dona. Unayoyatilia shaka, koboa, lakini ujue sumu imepungua, haijaisha."

Sentensi hizo nazisema kwa sauti nyumbani mpaka zitoke bila karatasi. Kuzisoma kimoyomoyo hakusaidii, maana ulimi ndio utakaokwama. Halafu natafuta swali lililojificha nyuma ya jibu langu. Ukisema "koboa", sekunde hiyo hiyo mama mmoja atauliza: "Na pumba je?" Sumu iliyotolewa imehamia kwenye pumba. Ukimpa kuku inamdhuru, na ukimlisha ng'ombe, sehemu yake inatokea kwenye maziwa. Wengi hujiandaa kwa swali la kwanza na kunaswa na hili la pili.

Jingine la ukali ni lile la "babu zetu walikula haya haya wakazeeka". Ninajua kwamba mwaka 2016 sumukuvu iliua watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, lakini situmii idadi hiyo kumnyamazisha mtu. Kwenye mkutano hujui nani alimzika nani. Nawauliza wazee wenyewe babu zao walikula nini zaidi. Huku kwetu Ugogoni wengi watakujibu uwele na mtama, na nafaka hizo kwa kawaida hazishambuliwi na sumukuvu kama mahindi. Hapo naongeza kwamba sumu kidogo kidogo huumiza ini kwa miaka mingi, na aliyekufa kwa saratani ya ini zamani hakuna aliyemhesabia mahindi.

Namna ya kujibu nayo ina kazi yake. Wenyeviti wetu wanapenda kukusanya maswali matatu matatu. Mimi nawaomba mapema tuchukue moja moja, kwa sababu katika matatu ni rahisi kuliruka lile gumu, na watu wanaona. Nalirudia swali ili walioko nyuma walisikie, bila kuliondolea makali. Naanza nikimtazama aliyeuliza, namaliza nikitazama upande mwingine na kuomba swali linalofuata. Ukimaliza ukiwa umemkazia macho yeye, ataona ni zamu yake tena, na mkutano utageuka mabishano ya watu wawili. Akidai fidia ya mahindi yatakayotupwa, namwambia waziwazi sina mamlaka ya kuahidi fidia, na dai hilo mtendaji aliandike kwenye muhtasari wa mkutano. Simwambii "tutalifanyia kazi". Neno hilo wamelisikia mno.

Sasa yale nisiyoyajua. Hayo sio ya aina moja, na nayapanga kwenye daftari kabla sijaondoka nyumbani. Yapo ambayo hakuna mtu anayeweza kuyajibu pale tulipo. Mtu ananyoosha kiganja chenye mahindi: "Haya ni salama?" Kusema "sijui" tupu ni kumwacha njiani. Namwambia hakuna jicho linaloweza kuiona sumu, kwani hata punje safi zinaweza kuwa nayo, na kuipima kunahitaji maabara. Kisha nampa kinachopimika pale pale, yaani unyevu. Kwa sababu hiyo mfukoni nina chumvi kavu na chupa ya kioo iliyokauka. Tunajaza mahindi theluthi ya chupa, tunatia vijiko kadhaa vya chumvi, tunatikisa, tunaiacha kwa dakika 15 huku maswali mengine yakiendelea. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15, na mahindi yarudi juani. Isipoganda sisemi yako tayari, kwa kuwa ya kuhifadhi yanatakiwa yashuke hadi kama asilimia 13, na chupa haifiki huko.

Yapo pia ambayo hata wataalamu hawajayamaliza. Mama anauliza: "Mwanangu hakui, ni hii sumu?" Tafiti zimeona udumavu na sumukuvu vikienda pamoja, lakini kama moja ndiyo inasababisha lingine bado wanajadiliana, na kwa mtoto mmoja huwezi kusema kabisa. Hilo namjibu kwa kifupi, naongeza kwamba ampeleke kliniki akapimwe uzito na urefu, na mengine tunazungumza baada ya mkutano, sio mbele ya majirani.

Yanayobaki ni yale nisiyoyajua mimi lakini yupo anayeyajua: kama duka la pembejeo la tarafani lina mifuko ya kinga njaa, ile isiyopitisha hewa ya kuhifadhia nafaka, au sampuli inapelekwaje TBS. Hayo nayaandika pale pale na kumsomea aliyeuliza nilichoandika, athibitishe. Nasema nitamuuliza nani, na siku gani jibu litabandikwa kwenye mbao za matangazo ofisi ya kijiji. Siku hiyo ikifika sijapata jibu, karatasi inabandikwa vilevile, ikisema bado na nani anasubiriwa.