Jingo tamu studio, kwenye simu halisikiki: mambo niliyojifunza kwa wanaoanza

Wadogo zangu mnaoingia kwenye kazi ya kutengeneza jingo na salamu za simu, nianze na kosa langu maana lilimgharimu mteja pesa ya kweli. Alikuwa na duka la pembejeo, mbegu, mbolea, dawa za mifugo, na wateja wake wengi ni wakulima ambao hawajawahi kuliona hilo duka, wanalisikia redioni kisha wanapiga simu mzigo unatumwa na basi. Yani kwao biashara nzima ni sauti. Nikamtengenezea jingo zuri sana, bezi nzito, kwaya, namba ya simu inaimbwa mwishoni. Tarakimu tatu za mwisho zilikuwa sita, tisa, sita. Wiki ya kwanza tu mtu mmoja asiyehusika kabisa akaanza kupigiwa simu za mbegu za mahindi, maana namba yake ilikuwa inaishia tisa, sita, tisa.

Hapo ndo nikaanza kuuliza kwa nini.

Iko hivi. FM inabeba sauti mpaka kama hezi 15,000, ila simu ya kawaida inapitisha kuanzia hezi 300 hivi mpaka 3,400, chini na juu ya hapo inakatwa. Sasa herufi S nguvu yake kubwa iko juu ya hezi 4,000, kwa hiyo kwenye simu inabaki kivuli tu, na kwenye kiredio kidogo cha betri kilichowekwa mbali, kuna kuku na mashine ya kusaga, hali inakaribiana na hiyo. Kinachopona vizuri ni irabu. Ukizitaja tarakimu zetu kwa irabu zake utaona Kiswahili kimetubeba sana: moja ni o-a, mbili i-i, tatu a-u, tano a-o, saba a-a, nane a-e, kila moja ina sura yake. Isipokuwa sita na tisa. Zote i-a, konsonanti zimebadilishana nafasi tu, S na T, na hizo ndo simu inazipunguza. Na usifikiri ukisema kwa makumi utapona, sitini na tisa na tisini na sita ni mbaya zaidi.

Wanaofuata kwa kuchanganywa ni tatu na tano. Zinaanza sawa, na tofauti iko kwenye silabi ya mwisho, ambayo Kiswahili huwa kinaitamka kwa nguvu ndogo. Kwa hiyo mteja akija kwako kabla hajanunua laini, mwambie atafute namba isiyo na sita na tisa karibu karibu. Akiwa nayo tayari na imeshaandikwa kwenye mabango, basi usiiimbe, isomwe na mtu mmoja, polepole, mara mbili, kwa mafungu ya nne, tatu, tatu kama watu wanavyozoea kuandika namba zao. Yule wangu tulimshauri abadili laini, akachukua inayoishia saba, moja, nne, ile ya zamani akaiacha hewani miezi kadhaa ili wenye namba ya zamani wasipotee.

Jambo la pili ni mkazo. Kwenye Kiswahili mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, mkuLIma, pembeJEo, na melodi ikienda kinyume jina linageuka. Mtunzi akishapenda biti yake anaweza kuweka noti ndefu ya kumalizia juu ya silabi ya mwisho, mkulimaaaa, inapendeza kwenye wimbo ila jina la biashara linalotamkwa hivyo msikilizaji hulishika vibaya, na akienda kuuliza anataja kitu kingine. Njia yangu ya kupima ni rahisi, nasema jina kwa kawaida nikipiga meza, pale meza inapopigwa kwa nguvu ndo noti ya juu au ndefu inakaa. Kama biti haikubali, badili biti, jina liache.

Kuhusu ala, bezi yote ya chini ya hezi 300 simu inaitupa, kwa hiyo kama utamu wa jingo uko kwenye bezi, mpigaji atasikia tik tik tik tu. Chagua melodi fupi, noti nne mpaka sita, kuanzia mi iliyo juu ya do ya kati kwenda juu, na ala inayogongwa au kudonolewa kama marimba au gitaa. Fidla na kinanda cha kuvuta sauti ndefu naviepuka, maana mitambo ya simu imetengenezwa kwa ajili ya maneno, sauti ndefu isiyobadilika inaweza kuchukuliwa kama kelele na kufifishwa, unasikia muziki unayumba kama unazama majini. Kwa sababu hiyohiyo usiweke muziki chini ya maneno ya salamu. Muziki kwanza, unyamaze, kisha mtu aongee. Zile noti zilizoko redioni ziwe hizohizo zinazopokea simu, mkulima akizisikia ajue amefika palepale.

Kabla hujampelekea mteja jisikilizie mwenyewe, amri hii ya programu ya SoX inatoa faili la simu na kukata pande zote mbili:

```
sox jingo.wav -r 8000 -c 1 -b 16 simu.wav highpass 300 lowpass 3400
```

Hiyo ni makadirio tu, bado haijapita kwenye mtandao wenyewe, kwa hiyo lazima upige kweli, kutoka kitochi, ukiwa barabarani. Sisi tulipigisha watu kumi pale stendi, hatukuwauliza kama wamelipenda, tuliwapa karatasi tukasema andika jina na namba uliyosikia. Jingo la kwanza wanne walikosea namba, la pili hakuna aliyekosea. Swali la kupenda linakupa majibu ya adabu tu.

Sasa salamu. Anayepiga analipia, wengine wana vocha ya dakika chache, kwa hiyo salamu ya kurekodi isizidi sekunde sita. Jina lisiwe neno la kwanza kabisa, maana simu ikipokelewa mtu bado anaisogeza sikioni, anza na zile noti, halafu "Karibu", halafu jina. "Habari za asubuhi" iache, itacheza mpaka saa mbili usiku. Kwenye machaguo taja shida kwanza kisha kitufe, "kwa mbegu, bonyeza moja", ukianza na kitufe mtu anakuwa ameshakisahau akifika kwenye neno mbegu.

Na shikamoo, hii tulibishana sana na mteja, yeye aliitaka kwenye rekodi kwa sababu wakulima wake wengi ni wazee. Shida ni kwamba rekodi haijui inaongea na nani, kijana wa miaka ishirini akiamkiwa shikamoo na duka anaona ajabu. Tukaiacha rekodi na "Karibu" tu, ila dada anayepokea tukamfundisha asikilize ile "haloo" ya kwanza, akisikia sauti ya mzee aseme "Shikamoo baba, karibu, nikusaidie nini leo", akisikia kijana "Habari yako, karibu". Wazee walianza kumuulizia yeye kwa jina.