Printa inapindisha kurasa: anza na rula

"Wadau, nina kiduka cha kuchapa hapa Arua. Printa yangu ya leza inatoa maandishi yamekaa upande, hasa nikishatia karatasi mpya. Ni trei au rola zimekwisha?"

Dada, kabla hujatoa hela ya rola, chukua rula. Chapa kutoka kwenye kompyuta kurasa kama kumi zenye mstari mmoja wa kulala karibu na juu. Usijaribu kwa fotokopi, maana karatasi ikikaa vibaya kwenye kioo utailaumu trei bure. Pima kutoka ukingo wa juu hadi kwenye mstari, kushoto na kulia. Zikipinda mara huku mara kule, karatasi zinacheza kwenye trei. Zikipinda upande uleule kila mara, kuna kitu kinauchelewesha upande mmoja.

Kwa kuwa kwako inazidi ukitia karatasi mpya, naishuku trei kwanza. Usiongezee mpya juu ya zilizobaki. Toa zote, ziachanishe, zigonge mezani kingo zilingane, ndipo uzirudishe zisipite alama ya mwisho. Kisha sogeza vile vizuizi vya plastiki, vya pembeni na cha nyuma, hadi viguse karatasi basi. Ukibana sana, rundo linavimba katikati. Ukiacha nafasi, utaliona linatikisika ukilisukuma kwa kidole. Mimi siiamini sana alama ya A4 iliyochorwa kwenye trei, naamini kidole. Kizuizi kikibaki kwenye Letter, yenye upana wa milimita 216, A4 yenye 210 inapata nafasi ya kugeuka.

Hapa Wandegeya tulikuwa tunachapa tasnifu ya mwanafunzi, mstari ukawa milimita 14 kushoto na 18 kulia, ukurasa baada ya ukurasa. Ikiwa juu ndiko kulikotangulia kuingia, upande ambao mstari uko karibu na ukingo ndio uliochelewa, yaani kushoto. Trei ilikuwa imepangwa vizuri. Tukapitisha karatasi mojamoja kwenye mlango wa mkono, zikatoka zimenyooka. Basi kosa likawa kwenye njia ya trei peke yake. Nikaitoa, nikamulika kwa tochi ya simu: mpira wa rola inayovuta karatasi ulikuwa unang'aa kushoto, kulia bado una mikwaruzo yake. Kitambaa chenye unyevu kidogo kilisaidia kwa muda, kisha ikarudia, tukabadilisha rola pamoja na kile kipande cha mpira kinachotenganisha karatasi. Kuna mafundi wanaoupiga msasa. Unashika siku chache huku mpira unaliwa.

Mlango wa mkono nao ukipindisha, zima mashine, ngoja ipoe, toa tona, tafuta ndani kipande cha karatasi kilichochanika au gundi ya stika. Pakiwa safi na bado inapinda, muite fundi aangalie rola zinazonyoosha ukurasa kabla haujafika kwenye dramu. Hizo usizifungue mwenyewe.