Kutoka diploma kwenda digrii Makerere

"Nimemaliza diploma ya uhasibu, nimepata nafasi ya digrii Makerere. Mbona wenzetu wa diploma wanaangukaanguka mwaka wa kwanza?"

Ndugu, debiti na krediti hazitakusumbua, hapo utawapita hata waliotoka S6. Shida iko kwenye koswaki, yaani kazi za kuandika unazopewa. Kule diploma ulizoea kumeza noti za mwalimu na kuzitapika, sasa hapa unapewa swali kama "tathmini kwa nini wenye maduka madogo Kampala hawaweki vitabu vya hesabu", wewe unaorodhesha sababu tano unatulia, unashangaa maksi ziko chini. Wanataka useme ipi inazidi, labda uoga wa kodi kuliko kukosa ujuzi, halafu uonyeshe ushahidi umeutoa wapi, jina la mwandishi na mwaka pale pale kwenye sentensi. Ukikopi bila kumtaja mtu huo ni wizi, usijaribu.

Lekchara akirudisha kazi soma alichoandika pembeni, akiandika "so what?" ujue umeorodhesha tu. Na CGPA iangalie mapema, ikishuka chini ya 2.0 unawekwa probesheni, na probesheni tatu mfululizo wanakuondoa kabisa.