Ule utani wa mafuta ulionipotezea wateja, na jinsi nachagua sauti za TikTok siku hizi

Juzi kijana mmoja wa Mbagala kanitumia meseji, anasema "kaka nina kijiwe cha mishkaki, nipe sauti inayotrendi sasa hivi niposti nipate wateja." Nimekaa na hiyo meseji siku mbili, maana mimi mwenyewe nilikuwa nawaza hivyo hivyo mwaka jana, na iliniuma.

Sisi tunauza chipsi, zege na mishkaki Sinza, vijana wanne, tisheti za njano, ukurasa wetu wa TikTok tunauendesha wenyewe. Video zetu zilikuwa zinapata watu elfu mbili tatu hivi. Siku moja ikaja sauti ya wimbo unaoanza na mlio kama shoti ya umeme, kila mtu anaitumia. Dogo wetu mmoja akala chipsi moja, mlio ulipopiga akatetemeka mwili mzima, tukaandika juu: "Mafuta yetu yana umeme kidogo." Si unajua ile stori ya mtaani ya chipsi kukaangwa na mafuta ya transfoma? Ndo tulikuwa tunaitania hiyo. Tulicheka mpaka machozi, na video ikafika watu laki moja na themanini, nikajiona nimeshaiweza kazi hii.

Katika furaha hiyo nikabadilisha akaunti kuwa ya biashara. Sasa hapa sikilizeni vizuri, akaunti ya biashara hairuhusiwi nyimbo zote, unapewa maktaba ya sauti za kibiashara tu, na ule wimbo haukuwemo. Sauti ikazimwa. Ikabaki video bubu ya kijana anakula chipsi zetu anatetemeka, na maandishi yanayosema mafuta yetu yana umeme. Ikaanza kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp kama onyo, watu hawajui hata kama ilikuwa utani.

Mimi sikushtuka mapema kwa sababu komenti zilikuwa za kucheka. Nilishtuka siku mteja wetu wa bodaboda, anakula kwetu karibu kila usiku, alipokuja akasogea mpaka kwenye karai, akainama akachungulia mafuta, halafu akasema "leo nipe mishkaki tu." Hakuniangalia usoni. Wiki hiyo hiyo mama mmoja wa hosteli aliyekuwa anachukua sahani 15 kila Ijumaa akaacha kupokea simu. Tulikuwa tunauza sahani 60 kwa usiku, tukashuka mpaka 35. Wale laki na themanini wengi walikuwa Mwanza huko, Mombasa, wengine sijui wapi, hawawezi kuja kula Sinza, ila walioacha kuja ni wa mtaani kwetu kabisa.

Tukaifuta ile video. Halafu nikarekodi nyingine haina wimbo wala utani: dumu la lita 20 limefungwa, nalifungua mbele ya kamera, namimina kwenye karai safi, naonyesha na yale ya zamani yalivyokuwa meusi na yanatoa povu, nasema hapa ndo tunapoyatoa, na ile video ya umeme ilikuwa kosa letu, samahanini. Iliangaliwa na watu elfu nne tu. Tukawa tunafanya hivyo kila Jumatatu na ilichukua kama wiki tano mauzo kurudi.

Kwa hiyo wadogo zangu, usitanie kitu ambacho mteja anakiogopa kweli. Mafuta, nyama ni ya mnyama gani, mikono ya mpishi, tumbo la kuendesha, hivyo viacheni kabisa. Kabla ya kuposti zima sauti, soma maandishi peke yake kama mtu aliye kwenye daladala, kikibaki "chakula chao kina tatizo" usiposti. Taniana na njaa ya mtu, hiyo haimuumizi yeyote. Video yetu inayoleta wateja mpaka leo ni ya jamaa anasema "mimi nimeshiba, kuleni tu," halafu mkono wake unarudi kwenye sahani ya mwenzake mara saba mpaka inabaki kachumbari. Watu wanamtagi yule rafiki yao, wanakuja wawili.

Na sauti yenyewe ichunguzeni. Tulishawahi kuedit video ya "zege limeisha" kwa sauti ya mama analia, ilikuwa inatrendi vibaya mno. Dada yangu akauliza, "Huyo mama analia nini?" Hatukuwa na jibu. Ukigusa kile kisahani kinachozunguka chini kulia unafika kwenye ukurasa wa sauti, ukatafute video ya kwanza, na kama aliyeiweka kaichukua kwa mwingine soma komenti mpaka ujue imetoka wapi. Tukaipata. Nyumba yake ilikuwa imeungua, anaita majina ya watoto. Dada akaweka simu mezani akanyamaza, na mimi nikaifuta ile video hapo hapo.

Mdogo wangu wa Mbagala, nitumie kwanza utani wenyewe umeandikwa, sauti tutaitafuta baadaye kwenye ile maktaba ya biashara.