Penzi Kati ya Zamu na Mitihani

*Shangazi, nasoma Maseno. Msichana ninayempenda ni nesi Kisumu na wiki hii yuko zamu ya usiku. Nikimpigia mchana hapokei, jioni ananijibu neno moja tu. Ananikwepa?*

Bado huwezi kujua, mwanangu, maana unampigia saa mbaya. Aliyekesha wodini hutoka asubuhi, akaoga, akala kidogo, na kufikia saa nne yuko usingizini. Simu yako ya saa sita mchana inamwamsha katikati ya usiku wake. Jioni napo anapiga pasi sare huku akiwaza matatu.

Mwombe akutumie picha ya rota. Wiki ya usiku, mpigie mnamo saa kumi alasiri, akiwa ameshaamka na hajaanza kujiandaa. Akishaingia kazini usimpigie. Mwachie ujumbe wa sauti wa nusu dakika, asikilize akipata nafasi ya kunywa chai, na usiwe na swali linalodai jibu. Gusia alilokwambia mwenyewe. Kama jana alilalamikia viatu, mwambie umemuulizia bei ya soli laini za ndani pale Kibuye.

Akimaliza usiku wa mwisho, panda matatu ya mapema kutoka Maseno, ukiwa umekubaliana naye. Mpelekee chapati mbili na ndengu kwenye hotipoti, msindikize hadi stejini, kisha umwache aende akalale. Usimvute mkahawani. Hapo ndipo vijana wengi huharibu: wamemletea chakula, halafu wanadai saa mbili za mazungumzo kwa mtu anayesinzia amesimama.

Sasa hilo la kukwepa. Mchovu anayekutaka hukupa siku nyingine: "Leo siwezi, Alhamisi niko ofu." Asiyekutaka husema yuko bize na kuishia hapo. Ofu zake zikipita mara mbili bila kukutajia siku, mshukuru na uache kumpigia.

*Mimi ni soja hapa Nakuru, ofu yangu ni siku moja kwa wiki. Nilimtumia msichana ninayempenda mia tano ya saluni, akairudisha. Nimemkosea?*

Hujamtusi, ila pesa ya mapema humfanya mtu ajione ana deni, naye amekataa deni hilo. Usiitume tena. Hiyo ofu ina nguo za kufua na usingizi wa kulipa, kwa hiyo mwombe saa mbili tu, na umtajie mapema saa ya kuagana. Kama anakwenda sokoni, mfuate huko, umbebee kikapu na mpige gumzo. Nampenda msichana huyu kwa kurudisha pesa, anakujibu waziwazi.

*Niko Egerton, mitihani imeanza, na mpenzi wangu anataka tuonane Njoro kila jioni. Nimwambieje?*

Mtumie ratiba ya mitihani na umtajie jioni moja baada ya karatasi ya mwisho, iwe ahadi usiyoivunja. Akiwa naye ni mwanafunzi, kaeni meza moja maktaba, kila mtu na daftari lake. Akinuna hata baada ya kuiona ratiba, maliza mitihani kwanza, ndipo mzungumze ana kwa ana.